Bei ya Lesi, na Bitana kwa Anayeihitaji

Jibu la bei lililohifadhiwa ni ujumbe ambao muuzaji ameuandika mara moja, akautunza ndani ya simu, na kuutoa kila anapoulizwa "hii bei gani?" Kwa wauzaji wengi wa Afrika Mashariki wanaouza kwa simu, ujumbe wa namna hiyo hukaa kwenye WhatsApp Business, programu iliyotolewa Januari 2018 kwa ajili ya biashara ndogo. Usichanganywe na salamu inayojituma yenyewe mteja anapoandika kwa mara ya kwanza, wala na ule ujumbe wa kusema duka limefungwa. Hizo huenda bila muuzaji kugusa simu. Jibu lililohifadhiwa humsubiri mtu: muuzaji husoma alichoulizwa, huchagua jibu linalofaa, huliona kwenye kisanduku cha kuandikia, hulirekebisha akitaka, ndipo hulituma.

Jibu kama hilo linaweza kutaja bei tu likaishia hapo. Linaweza pia kutaja bidhaa ya pili inayokwenda na ile iliyoulizwa, na hapo ndipo penye kazi. Bidhaa ya pili ikitajwa vizuri, mteja huona ameelezwa jambo ambalo angelijua akiwa amechelewa. Ikitajwa vibaya, huona kwamba aliulizia kimoja akatajiwa viwili, na kwamba bei aliyopewa si bei aliyoiomba. Tofauti ya hayo mawili iko kwenye maneno machache na mpangilio wake, na inaonekana wazi zaidi kwa kufuata bidhaa moja tangu mwanzo hadi mwisho. Bidhaa hiyo iwe kitambaa cha lesi, na muuzaji wake awe mwenye duka la vitambaa Kariakoo, Dar es Salaam, anayeweka picha kwenye status na kuulizwa bei mchana kutwa.

Lesi inafaa kwa mfano huu kwa sababu ina upungufu ambao haumo kwenye picha. Ni kitambaa chenye matundu, na nyingi huuzwa kwa kipande cha yadi 5, yaani mita nne na nusu na kidogo. Ikipigwa picha imekunjwa, tabaka juu ya tabaka, huonekana nzito. Ikikunjuliwa na kuwekwa tabaka moja juu ya mwili, inaonyesha. Kwa hiyo anayeshona gauni la lesi huhitaji bitana kwa ndani, au huvaa shimizi chini yake. Mteja aliyezoea kushona analijua hilo. Anayenunua lesi kwa mara ya kwanza, kwa ajili ya sendoff ya mdogo wake, huenda akalijua siku anapopeleka kitambaa kwa fundi na fundi kumuuliza, "Bitana iko wapi?" Hapo ataanza kuitafuta ya rangi inayofanana, katika duka lingine, bila lesi yenyewe mkononi ya kulinganishia.

Bitana, basi, ni bidhaa ambayo muuzaji ana sababu ya haki ya kuitaja. Inatumika pamoja na ile iliyoulizwa, katika kazi ileile na siku ileile. Mteja anaweza kuikosa bila kujua, na kuikosa kutamgharimu. Tena bei yake ni ndogo ukiilinganisha na ya lesi. Tuseme lesi ni Sh 85,000 kwa yadi 5, na bitana ni Sh 4,000 kwa yadi. Yadi 3 za bitana ni Sh 12,000, kama sehemu moja ya saba ya bei ya lesi. Mtu aliyejipanga kutoa elfu themanini na tano anaweza kuifikiria elfu kumi na mbili bila kubadili mpango wake wote. Kilemba cha Sh 60,000 nacho huvaliwa na lesi, lakini anayekitaka anakijua na atakiulizia mwenyewe. Kukiweka kwenye jibu la bei ni kumtangazia mtu aliyekuja na swali, na si jibu la swali lake. Mkoba na viatu viko mbali zaidi. Kwa kawaida bidhaa moja inatosha. Ya pili ikishaongezwa, jibu huanza kusomeka kama orodha ya dukani na ile bei iliyoulizwa humezwa.

Jibu la muuzaji huyo linaweza kuandikwa hivi:

"Habari, karibu. Lesi hii ni Sh 85,000 kwa yadi 5. Haikatwi pungufu ya hapo. Rangi zilizopo ni bluu, maruni na krimu. Duka liko Kariakoo, na kuletewa ndani ya Dar ni kuanzia Sh 5,000 kulingana na ulipo.

Lesi hii inaonyesha, kwa hiyo huvaliwa na bitana au shimizi kwa ndani. Bitana ya rangi hizo ipo, Sh 4,000 kwa yadi, haimo kwenye bei ya lesi. Gauni refu hutumia kama yadi 3. Fundi wako ndiye atakayekupa kipimo kamili. Kama unayo tayari, lesi inauzwa peke yake.

Ungependa kuona picha ya rangi ipi?"

Bei imekaa kwenye sentensi ya pili, mara tu baada ya salamu fupi. Sababu yake inaonekana kwenye simu ya mteja: taarifa ya ujumbe inapotokea juu ya kioo, huonyesha maneno ya mwanzo tu. Mteja aliyeuliza bei anapaswa kuiona hapo hapo, hata kabla hajafungua. Wauzaji wanaoanza na mistari mitatu ya makaribisho na sifa za kitambaa humlazimisha mteja kutafuta alichokiuliza, na wanaojibu "njoo inbox" au "piga simu" humlazimisha kuuliza mara ya pili. Mteja akishajibiwa swali lake kwa ukamilifu, yaani bei, kipimo, rangi, mahali na gharama ya kuletewa, ndipo ana nafasi ya kusikiliza jambo lingine. Akiwa bado hajajibiwa, kila neno la ziada humchosha.

Bitana imewekwa kwenye aya yake, chini. Aya hiyo haianzi na bitana bali na ukweli kuhusu lesi: inaonyesha. Ukweli huo unamfaa mteja hata asiponunua bitana popote, na unamfaa hata akiamua kutonunua lesi yenyewe. Halafu unafuata utatuzi, nao umetajwa kwa njia mbili, bitana au shimizi, ingawa muuzaji hauzi shimizi. Neno hilo moja lina uzito mkubwa. Muuzaji anayetaja njia ambayo haimpatii faida huaminika anapotaja ile inayompatia. Akiiacha shimizi, na mteja akaja kuambiwa na dada yake kwamba shimizi ingetosha, atajiuliza ni nini kingine alichofichwa.

Kipimo cha yadi 3 nacho hakikuokotwa hewani. Bitana nyingi zina upana wa inchi 44 au 45. Kwa upana huo, mbele na nyuma ya gauni hukatwa kila moja kwa urefu wake, hivyo fundi huhesabu kimo mara mbili. Gauni la kushuka hadi kwenye kifundo cha mguu, kwa mwanamke wa kimo cha kawaida, huchukua kama inchi 54 kutoka begani pamoja na pindo. Mara mbili ni inchi 108, nazo ni yadi 3 kamili. Bitana yenye upana wa inchi 58 au 60 ni hesabu nyingine: kwa gauni lililonyooka la mtu mwembamba, mbele na nyuma zinaweza kulala ubavu kwa ubavu, na yadi 2 zikatosha. Muuzaji mwenye bitana pana anayeendelea kuandika "yadi 3" anawauzia wateja wake yadi nzima isiyo na kazi. Hata kama hakukusudia, mteja akirudishiwa na fundi kipande kikubwa kilichobaki atajua kwamba alizidishiwa. Ndiyo maana jibu linasema "kama yadi 3" na kumwachia fundi neno la mwisho.

Sentensi inayosema bitana haimo kwenye bei ya lesi ni fupi, lakini huondoa swali ambalo vinginevyo lingeulizwa na nusu ya wasomaji. Ndiyo inayofanya Sh 85,000 ibaki Sh 85,000. Hakuna mahali popote kwenye jibu palipoandikwa Sh 97,000. Jumla hiyo ni ya kuhesabiwa pale tu mteja atakaposema anataka vyote viwili.

Swali la mwisho linahusu lesi. Hapa wauzaji wengi huteleza, kwa kuwa inaonekana kawaida kumaliza na "nikuwekee na bitana?" Swali la mwisho ndilo mteja anahisi analazimika kulijibu. Likiwa la bitana, anajikuta anatakiwa kukubali au kukataa kitu ambacho hakukiuliza, na kukataa kuna uzito wake kwa mtu mwenye haya. Likiwa la rangi ya lesi, mazungumzo yanaendelea kwenye njia aliyoianza yeye mwenyewe, na bitana inabaki pale juu ikimsubiri kama ataihitaji.

Habari hizo hizo zinaweza kuandikwa kwa namna nyingine, nayo ni ya kawaida sana: "Lesi na bitana yake ni 97,000 tu mpendwa. Bitana usiikose, ni muhimu sana, zimebaki chache na ofa inaisha leo. Nikufungie zote?" Bei ya lesi imepotea ndani ya jumla. Bitana imefanywa sehemu ya lesi, hivyo asiyeitaka ndiye atakayeomba itolewe. Uchache na mwisho wa ofa vimetajwa ili mteja asipate muda wa kumuuliza fundi. Na kwa kuwa ujumbe umehifadhiwa na utatumwa kesho na keshokutwa, "inaisha leo" itakuwa uongo kuanzia kesho asubuhi. Mteja akiuliza bei ya kitambaa kingine wiki inayofuata na kukuta ofa ileile bado "inaisha leo", hataamini tena chochote, ikiwemo bei.

Kuna hesabu ndogo inayoonyesha ni kwa nini upole hapa una faida kwa muuzaji mwenyewe. Tuseme faida yake kwenye kipande cha lesi ni Sh 15,000, na kwenye yadi moja ya bitana ni Sh 1,000, yaani Sh 3,000 kwa yadi 3. Mteja mmoja wa lesi aliyekerwa na jibu akaondoka kimya amefuta faida ya wateja watano walionunua bitana. Bidhaa ya pili ina faida ndogo kiasi kwamba hailipii kwa urahisi hasara inayoweza kuileta kwenye bidhaa ya kwanza.

Jambo la mtu kukataa kwa sababu tu amesukumwa limechunguzwa na wanasaikolojia kwa muda mrefu. Mmarekani Jack Brehm alitoa kitabu mwaka 1966 akieleza kwamba mtu anapohisi uhuru wake wa kuchagua unapunguzwa, hupata msukumo wa kuurudisha, na njia rahisi ya kuurudisha ni kufanya kinyume cha alichotakiwa kufanya. Mwaka 2000 Wafaransa Nicolas Guéguen na Alexandre Pascual walichapisha jaribio ambalo ndani yake wapita njia waliombwa hela ya basi. Walioombwa tu, mmoja kati ya kumi alitoa. Walioongezewa maneno ya kwamba wako huru kukubali au kukataa, karibu nusu walitoa. Baadhi ya tafiti nyingine za Guéguen zilikuja kuhojiwa na wanasayansi wenzake, kwa hiyo tarakimu hizo zisibebwe kama ahadi. Hata hivyo Christopher Carpenter, mwaka 2013, alikusanya tafiti 42 za aina hiyo na kuona kwamba kwa ujumla kumkumbusha mtu uhuru wake huongeza utayari wake. Aliona pia kwamba nguvu hiyo hupungua pale uamuzi usipofanyika papo hapo, na biashara ya simu mara nyingi ndivyo ilivyo: mteja anasoma saa nne asubuhi na kuamua usiku.

Sentensi "kama unayo tayari, lesi inauzwa peke yake" ndiyo inayobeba uhuru huo katika jibu la lesi. Ina kazi kwa sharti moja tu, kwamba ni kweli. Muuzaji anayeiandika kisha akanuna mteja anapochukua lesi peke yake, au akachelewesha mzigo wake, ameigeuza kuwa mtego. Afadhali asingeiandika.

Kulihifadhi jibu hilo ni kazi ya dakika chache. Ndani ya WhatsApp Business, muuzaji hufungua `Quick replies` kwenye zana za biashara, na kuongeza jibu jipya. Huweka maneno yote ya jibu kwenye nafasi ya `Message`, halafu huchagua kifupi kwenye `Shortcut`, kwa mfano:

```
/lesi
```

Baada ya hapo, akiwa kwenye mazungumzo na mteja, huandika alama ya mkwaju na herufi za mwanzo, jibu hujitokeza, hulichagua, nalo hujaa kwenye kisanduku. Programu huruhusu majibu hadi 50, idadi inayozidi mahitaji ya maduka mengi. Picha inaweza kuhifadhiwa pamoja na jibu, lakini kwa lesi ni busara kuiacha: rangi zinabadilika kila mzigo unapoingia, na mteja anayelipia bando dogo hapendi kupokea picha tatu kabla hajasema anataka rangi ipi.

Kifupi kiwe cha bidhaa, si cha neno "bei". Muuzaji mwenye `/bei` moja kwa kila kitu atalazimika kubadili tarakimu kila mara, na siku ya haraka atatuma bei ya lesi kwa aliyeulizia kitenge. Mwenye `/lesi`, `/kitenge` na `/satini` hufunga kila bei na bidhaa yake, na kila bidhaa na mwenzake anayefaa. Kitenge huenda kikahitaji kutajiwa zipu na uzi, au kisihitaji kutajiwa chochote. Si kila jibu la bei lazima liwe na aya ya pili.

Kuhusu namna ya kumwita mteja, maneno kama dada, kaka, mama au mpendwa yasihifadhiwe ndani ya jibu. Nambari ngeni inayouliza bei ya lesi inaweza kuwa ya baba anayemnunulia mkewe, na kumwita "dada" ni kumwonyesha wazi kwamba hakuna aliyemsoma. "Habari, karibu" inamfaa kila mtu. Mteja akiwa amesalimia kwa "shikamoo" au amejitambulisha, zile sekunde tatu ambazo jibu limekaa kwenye kisanduku kabla ya kutumwa ndizo za kuweka "marahaba" au jina lake mbele. Ndizo pia za kufuta aya ya bitana kama mteja ameshasema anayo. Hakuna kinachoudhi kama kuandika "nina bitana tayari, lesi tu bei gani?" na kurudishiwa maelezo ya bitana.

Baada ya jibu kutoka, muuzaji huliacha lifanye kazi yake. Mazungumzo yanayofuata mara nyingi huwa mafupi. Mteja akisema, "Sawa dada, nachukua ya bluu," muuzaji hujibu, "Nashukuru dada. Lesi ya bluu yadi 5, Sh 85,000. Nikuletee wapi?" Bitana haitajwi tena. Mteja aliisoma, na ukimya wake umeshatoa jibu. Kuirudia wakati wa kulipa ni kumweka mtu kwenye kona akiwa ameshafungua simu kutuma hela, na hapo ndipo baadhi husema "subiri kidogo nitakurudia" wasirudi.

Mteja mwingine huuliza, "Kwa hiyo bila bitana haivaliki?" Swali hilo ni zuri, na jibu lake ni la kweli na fupi: "Inavalika dada, ukiwa na shimizi ya rangi inayokaribiana. Bitana inahitajika zaidi kama gauni litabana." Lakini swali hilohilo likianza kujirudia, kwa wateja watatu au wanne ndani ya siku chache, ni dalili kwamba aya ya pili inasomeka kama sharti. Dalili nyingine ni mteja kutuma pesa pungufu au zaidi ya bei ya lesi, au kuuliza "jumla ngapi?" wakati hajachagua chochote. Hizo zote zinaonyesha bei mbili zimegongana machoni mwake. Tiba yake huwa ni kusogeza: bei ya bitana iondolewe kwenye mstari ulio karibu na bei ya lesi, au jibu libaki na sentensi ya kwamba lesi inaonyesha na bitana ipo, na bei yake itolewe kwa atakayeuliza.

Kisha kuna wanaopatana. "Nikichukua na bitana utanipunguzia?" ni swali la kawaida Kariakoo, kama lilivyo katika masoko mengi ya Afrika Mashariki, na bidhaa ya pili hulialika. Muuzaji anapaswa awe amelijua jibu kabla ya kuhifadhi ujumbe. Akiwa na nafasi ya kupunguza, iwe kwenye bitana: kutoa yadi 3 kwa Sh 10,000 badala ya Sh 12,000 kunampa mteja kitu na kuacha bei ya lesi imesimama. Akipunguza lesi kwa sababu ya bitana, mteja wa baadaye aliyechukua lesi peke yake akisikia bei ya mwenzake ataona kwamba aliadhibiwa kwa kutonunua bitana, na ile sentensi ya "lesi inauzwa peke yake" itakuwa imepoteza ukweli wake.

Sheria nazo zinagusa jambo hili. Tanzania ina Sheria ya Ushindani wa mwaka 2003, inayokataza kumpotosha mlaji, na msimamizi wake ni Tume ya Ushindani. Kenya ina Sheria ya Ushindani ya mwaka 2010, ambayo kifungu chake cha 55 kinakataza maelezo ya uongo au ya kupotosha kuhusu bei, na pia kuhusu haja ya mtu kuwa na bidhaa fulani. Kumwambia mteja kwamba lesi haiwezi kushonwa bila bitana ya duka lile kungeangukia humo. Ujumbe wa simu ni maandishi, na mteja anabaki nao.

Adui mkubwa wa jibu lililohifadhiwa ni muda. Maneno hayachakai, lakini bei ya mzigo mpya hubadilika, rangi huisha, na bitana ya maruni inaweza kuisha wiki mbili kabla ya lesi ya maruni. Jibu likiendelea kusema "bitana ya rangi hizo ipo", mteja atafunga safari kutoka Mbagala kwa ajili ya kitu ambacho hakipo. Wakati mzuri wa kulipitia ni kila mzigo unapofunguliwa, muuzaji akiwa ameshika karatasi ya bei mkononi. Orodha ya rangi ndiyo inayochakaa haraka zaidi, na muuzaji asiyeweza kuifuatilia ni bora aiondoe, aandike "niulize rangi zilizopo leo".

Kupima kama aya ya bitana inasaidia au inaharibu hakuhitaji ufundi. WhatsApp Business ina lebo za kubandika kwenye mazungumzo. Kila anayeuliza bei ya lesi anabandikwa lebo moja, anayenunua lesi anabandikwa ya pili, na anayechukua na bitana ya tatu. Kwa mwezi mmoja jibu linatumwa na aya ya bitana, mwezi unaofuata bila hiyo aya. Tarakimu ya kutazama kwanza ni ya walionunua lesi kati ya waliouliza, si ya bitana. Bitana ikipanda na lesi ikabaki pale pale, aya inafaa. Bitana ikipanda na lesi ikashuka, faida inavuja, kwa hesabu ile ya mmoja kwa watano. Miezi yenyewe ilingane: kulinganisha mwezi wa kabla ya Idi na mwezi wa baada yake kutapima sikukuu, si maneno. Na kwa duka linaloulizwa mara thelathini kwa mwezi, tofauti ya wateja wawili au watatu haimaanishi chochote. Hapo maswali ya wateja wenyewe yanafundisha zaidi kuliko hesabu.

Ipo pia lesi ambayo aya hiyo haiifai kabisa. Ile nzito iliyotiwa kitambaa kwa nyuma haionyeshi, na kuitajia bitana ni kuuza kisichohitajika. Mafundi wanaonunua vipande kumi kwa mpigo wana bitana zao na hawahitaji kuelezwa kazi yao; wao hutaka bei ya jumla, idadi iliyopo na siku ya mzigo kuingia. Kwa hao muuzaji huhifadhi jibu la pili, `/lesijumla`, lenye mistari mitatu na bila neno la bitana.